Kanuni Inayochagua Maskini: Mapitio ya Machapisho Kuhusu Haki ya Algoriti, Tukianzia Ndundu

Muhula huu niliwapa wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu kazi ya maneno elfu tatu: mapitio ya machapisho kuhusu haki katika algoriti. Rasimu nyingi zilizoletwa zilifanana kama watoto wa mama mmoja. Zote zilianza na mahakama za Marekani, zikaenda kwenye kamera zinazotambua sura, zikapita kwenye kampuni zinazochuja maombi ya kazi, zikafika mwisho. Binti mmoja aliyekulia Ndundu, pale ambapo barabara ya Kilwa inakutana na Mto Rufiji, aliniuliza swali la adabu lililobeba uzito: "Dokta, kwetu hakuna mahakama inayotumia kompyuta. Nitaandika nini ambacho kinatuhusu?"

Nilimjibu kwa swali: kijijini kwenu, ni uamuzi gani unaomhusu mtu maskini ambao sehemu yake hufanywa kwa kujumlisha alama? Alifikiri kidogo, akasema: "Orodha ya TASAF."

Hapo ndipo mapitio yake yalipoanza. Naandika makala haya kwa ajili yake na wenzake, na pia kwa watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu, kwa kuwa wengi wao hushika orodha kama hizo mikononi bila kuziita algoriti.

Algoriti ni utaratibu wa hatua zilizopangwa unaopokea taarifa na kutoa jibu. Haihitaji kuwa ndani ya simu ya bei kubwa. Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, ulioanza kutekelezwa na Mfuko wa Maendeleo ya Jamii mwaka 2012, uliundwa kuchagua walengwa kwa ngazi kadhaa. Kwanza huchaguliwa maeneo. Kisha mkutano wa kijiji hutaja kaya zinazoonekana kuwa maskini sana. Baadaye kaya hizo hujaziwa dodoso, na majibu hugeuzwa kuwa alama inayokadiria matumizi ya kaya. Mwisho, orodha hurudishwa kijijini kuhakikiwa. Ngazi ile ya tatu, ya dodoso na alama, ndiyo algoriti. Wachumi huiita kipimo mbadala cha uwezo wa kaya, kwa sababu haipimi kipato chenyewe bali vitu vinavyodhaniwa kwenda pamoja na kipato.

Ukishaliona hilo, unakutana na kikwazo cha kwanza cha kutafuta vyanzo, nacho ni cha msamiati. Wataalamu wa kompyuta na wachumi wa maendeleo wamekuwa wakiandika juu ya jambo moja kwa lugha mbili. Wa kwanza huandika kuhusu haki na upendeleo wa algoriti. Wa pili huandika kuhusu kulenga misaada na makosa ya kulenga. Mwanafunzi akiandika neno la haki peke yake kwenye Google Scholar, ataletewa mahakama na kamera za Marekani, na atadhani Afrika haijaandikiwa lolote. Atafute mara mbili, kila mara kwa lugha ya kundi moja:

```
"algorithmic fairness" AND ("social protection" OR poverty)
"proxy means test" AND ("exclusion error" OR targeting) AND Africa
```

Utafutaji wa pili ndio uliomfikisha kwenye makala ya Caitlin Brown, Martin Ravallion na Dominique van de Walle ya mwaka 2018, iliyopima kanuni hizi kwa takwimu za nchi tisa za Afrika, Tanzania ikiwamo. Makala kama hiyo ni nanga. Ukiipata, acha kwanza kuandika maneno mapya kwenye kisanduku cha kutafutia. Soma orodha ya marejeo yake ujue ilisimama juu ya nani, kisha bofya `Cited by` chini ya jina lake uone nani amebishana nayo baadaye. Kwa njia hiyo unapata mazungumzo yenye pande, si rundo la karatasi zisizojuana. Ipo pia makala ya mwaka 2020 ya Noriega-Campero na wenzake, inayochukua kanuni za kulenga misaada na kuzipima kwa msamiati wa haki ya algoriti. Chanzo cha namna hiyo kina thamani kubwa kuliko vitano vinavyorudia jambo moja, kwa sababu kinaunganisha lugha mbili ulizozitafuta kila moja kivyake.

Baada ya kukusanya, chuja. Sharti ninalowapa wanafunzi ni moja: chanzo kibaki iwapo kinaeleza uamuzi fulani, watu unaowagusa, na namna makosa yalivyopimwa. Maoni ya jumla kwamba mashine zina upendeleo hayabaki, hata kama yameandikwa kwa ufasaha. Ripoti za taasisi zinabaki, ila zisomwe kwa jicho la nani aliyelipa. Benki ya Dunia, kwa mfano, imegharamia mpango huu na pia imetoa tathmini juu ya misaada ya fedha nchini. Hilo halizifanyi tathmini hizo kuwa za uongo, lakini linakutaka uulize swali gani halikuulizwa. Tathmini iliyotolewa mwaka 2014 ya majaribio ya Bagamoyo, Kibaha na Chamwino ilifanywa kwa umakini mkubwa, na wilaya mbili kati ya hizo ziko mkoa mmoja na Kibiti. Lakini swali lake kuu lilikuwa fedha zilileta nini kwa waliozipata. Kwa mapitio ya haki, hicho ni chanzo cha muktadha. Mwanafunzi akikitumia kuthibitisha kwamba uchaguzi wa walengwa ulikuwa wa haki, amekibebesha mzigo kisioweza kuubeba.

Sasa tuje kwenye mada ndogo, mahali ambapo rasimu nyingi huvunjika. Dalili ya mapitio yaliyovunjika ni rahisi kuiona: kila aya inaanza na jina la mwandishi, na ukizibadilisha aya nafasi, hakuna kinachoharibika. Hiyo ni orodha ya vitabu iliyovaa kanzu ya insha. Mada ndogo hazitoki katika majina ya waandishi wala katika miaka. Zinatoka katika safari ya uamuzi wenyewe: nini kinapimwa, kosa linahesabiwaje, na nani anaweza kulipinga. Nilimshauri binti wa Ndundu azifanye hizo tatu kuwa nguzo zake.

Nguzo ya kwanza ni kipimo. Kanuni ya alama hutengenezwa kwa kuchukua utafiti wa kaya uliokwisha kupima matumizi, kisha kutafuta ni sifa zipi zinazoonekana kwa macho zinazokwenda pamoja na matumizi madogo: ukubwa wa kaya, elimu ya mkuu wa kaya, paa, mifugo, vyombo. Kila sifa hupewa uzito, na uzito huo hutumika kwa kaya ambazo matumizi yake hayakupimwa. Udhaifu wake uko katika kasi ya mabadiliko. Paa na elimu hubadilika polepole, ilhali njaa inaweza kuingia katika wiki moja. Mwezi Aprili 2024 mafuriko yalizikumba Rufiji na Kibiti. Maji yakiingia shambani, mpunga huondoka na mto, lakini bati hubaki juu ya nyumba. Dodoso linalotazama bati litaiona kaya ileile ya mwaka jana.

Hapa ndipo chanzo cha mbali kinapopata kazi halali. Mwaka 2019 Ziad Obermeyer na wenzake walichunguza kanuni iliyotumika katika hospitali za Marekani kuchagua wagonjwa wa kupewa uangalizi wa ziada. Kanuni hiyo ilikadiria gharama za matibabu, kisha gharama ikachukuliwa kana kwamba ndiyo ugonjwa. Kwa kuwa wagonjwa weusi walitumiwa fedha kidogo kuliko weupe wenye maradhi yaleyale, walionekana wazima kuliko walivyokuwa. Watafiti walikadiria kwamba kurekebisha kasoro hiyo kungepandisha sehemu ya wagonjwa weusi katika wanaopewa uangalizi kutoka asilimia 17.7 hadi 46.5. Makala hiyo haiingii katika mapitio kwa sababu ni maarufu. Inaingia kwa sababu inaeleza ugonjwa uleule: kupima kivuli na kukiita mti.

Nguzo ya pili ni kosa. Kuna kosa la kumwacha aliye maskini, na kuna kosa la kumwingiza asiye maskini. Kila mwandishi huchagua lipi alipe uzito, na mara nyingi hasemi wazi kwamba amechagua. Brown na wenzake wanaonyesha jambo hili vizuri: kanuni hizi husaidia kuwachuja wasio maskini, lakini hufanya hivyo kwa kuwaacha nje maskini wengi. Mwanafunzi aliyesoma nusu ya kwanza ya sentensi hiyo ataandika kwamba kanuni inafanya kazi. Aliyesoma nusu ya pili ataandika kwamba haifanyi. Aliyesoma yote ataandika mapitio.

Kosa lina ugumu wa pili, nao ni kwamba wastani huficha. Nilimwomba achore kijiji cha kubuni chenye kaya 100. Kaya 40 ziko visiwani ndani ya delta, na kaya 60 ziko kando ya barabara karibu na Daraja la Mkapa, lile lenye urefu wa mita 970 lililofunguliwa mwaka 2003 na kuondoa adha ya kungoja kivuko. Tuseme maskini wa kweli ni 30: kaya 16 za delta na 14 za barabarani. Nafasi za msaada nazo ni 30. Kanuni inachagua kaya 10 za delta, ambapo 8 kweli ni maskini, na kaya 20 za barabarani, ambapo 10 kweli ni maskini.

Kwa kijiji kizima, maskini 12 kati ya 30 wameachwa, yaani asilimia 40. Ripoti nyingi zitaishia hapo. Tukigawanya, picha inabadilika. Delta imeacha maskini 8 kati ya 16, sawa na nusu. Barabarani wameachwa 4 kati ya 14, karibu asilimia 29. Kwa kipimo hiki delta imeonewa. Lakini anayetetea kanuni atageuza karatasi na kusema: kati ya waliochaguliwa delta, 8 kwa kila 10 ni maskini kweli, wakati barabarani ni nusu tu. Kwa kipimo chake, alama imekuwa sahihi zaidi delta. Wote wawili wamehesabu vizuri.

Mgongano huo si ajali ya mfano wangu. Mwaka 2016 Jon Kleinberg na wenzake, na mwaka 2017 Alexandra Chouldechova, walithibitisha kihisabati kwamba pale ambapo kiwango cha hali inayokadiriwa kinatofautiana kati ya makundi, na ukadiriaji si mkamilifu, alama haiwezi kuwa na maana moja kwa makundi yote na wakati huohuo kugawa makosa kwa usawa. Katika kijiji chetu, umaskini ni kaya 16 kati ya 40 upande mmoja na 14 kati ya 60 upande mwingine, kwa hiyo masharti ya mgongano yametimia. Mapitio mazuri hayamalizi nguzo hii kwa kutangaza fasili bora ya haki. Yanaeleza kila fasili inamlinda nani: moja inamlinda maskini asiachwe, nyingine inailinda hazina isilipe wasiostahili. Baada ya hapo uchaguzi si wa kihisabati tena, ni wa kisiasa, na sharti uandikwe hivyo.

Katika nguzo hiyohiyo nawaonya wanafunzi wasinukuu takwimu bila kusema imelinganishwa na nini. Makala ya Emily Aiken na wenzake ya mwaka 2022, katika jarida la Nature, ilichunguza programu ya Togo iliyotumia taarifa za simu kutafuta maskini wakati wa janga la korona. Ikilinganishwa na njia za kuchagua kwa maeneo zilizokuwa mbele ya serikali, ilipunguza makosa ya kuwaacha wahitaji kwa asilimia 4 hadi 21. Ikilinganishwa na daftari kamili la kijamii, ambalo Togo haikuwa nalo, makosa yangeongezeka kwa asilimia 9 hadi 35. Sentensi zote mbili zimo katika makala moja. Anayenukuu ya kwanza pekee anauza simu, na anayenukuu ya pili pekee anauza daftari.

Nguzo ya tatu ni mamlaka: nani anaweza kuiuliza kanuni swali na kujibiwa? Hapa vyanzo vya kitaaluma vikutane na sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inagusa haki za mtu kuhusu maamuzi yanayofanywa na mashine peke yake. Maneno hayo, "peke yake", ndiyo yanayostahili aya nzima. Orodha ya kaya maskini hupita mkutanoni kabla ya dodoso na baada yake. Je, uamuzi huo ni wa mashine, ni wa kijiji, au kila mmoja anaweza kumsukumia mwenzake lawama? Mapitio hayalazimiki kujibu, bali kuonyesha kwamba vyanzo vilivyopo vinazungumzia mashine isiyo na mkutano, au mkutano usio na mashine.

Utafiti wa Vivi Alatas na wenzake wa mwaka 2012 ndio unaosogea karibu zaidi. Walilinganisha katika vijiji 640 vya Indonesia uchaguzi wa kanuni, uchaguzi wa wanakijiji, na mchanganyiko wa vyote viwili. Kanuni ilikaribia zaidi umaskini unaopimwa kwa matumizi, lakini tofauti ilikuwa ndogo, na wananchi waliridhika zaidi na uchaguzi wao wenyewe. Sababu mojawapo ni kwamba wanakijiji walikuwa na maana yao ya umaskini, isiyoishia kwenye matumizi. Matokeo haya yanairudisha nguzo ya tatu kwenye ya kwanza: kabla ya kuuliza kama kijiji kimekosea, uliza kijiji kilikuwa kinapima nini.

Baada ya nguzo tatu, muundo wenyewe unakuwa mwepesi. Katika maneno elfu tatu, mia tatu zieleze uamuzi unaochunguzwa na namna vyanzo vilivyochaguliwa. Kila nguzo ipate kama mia saba. Mia nne ziende kwenye pengo, na mia mbili zinazobaki zihitimishe. Kila aya ianze na dai, si na jina. Badala ya kuandika kwamba Alatas na wenzake walifanya utafiti Indonesia, mwanafunzi aandike kwamba vyanzo vinatofautiana kuhusu nani anayeujua umaskini wa jirani, kisha awalete Alatas upande mmoja na Brown upande mwingine, na mwisho aseme tofauti yao inatokana na nini.

Pengo nalo liandikwe kwa usahihi. Sentensi kwamba utafiti zaidi unahitajika haimwambii mtu kitu. Pengo ambalo binti wa Ndundu aliliandika, baada ya rasimu tatu, linasomeka hivi: katika vyanzo alivyovipitia, makosa ya kuwaacha maskini yameripotiwa kwa nchi, lakini hakuna kilichoyatenganisha kati ya kaya za delta, kama za kata za Salale, Maparoni au Kiongoroni, na kaya za kando ya barabara kuu katika wilaya hiyohiyo ya Kibiti. Pengo hilo lina mahali, lina kipimo na lina mtu anayeweza kulijaza. Afisa mwenye orodha ya walengwa na majibu ya madodoso ya kata zake anaweza kuanza kesho: achukue kaya zilizotajwa na mkutano kisha zikaachwa na alama, azigawe kwa makundi hayo mawili, na ahesabu ni upande upi unaoachwa zaidi.